Usiweke Kidole Gumba: Kwa Wewe Uliyekatikati ya Ndugu Wawili Wanaobishania Mazishi



Leo ninakuandikia wewe ambaye simu yako haijanyamaza tangu juzi. Mmefiwa. Kundi la familia la WhatsApp lilianza kwa pole na kwa maombi, kisha jioni moja watu wawili wakaanza kujibizana juu ya mazishi. Sasa kila mmoja amekutumia ujumbe pembeni: "Wewe si unaona vile huyu anafanya?" Unawapenda wote wawili. Hutaki kuegemea upande, lakini pia hutaki mzee alale mochari wiki tatu kwa sababu ya maneno.

Nianze kwa kuungama kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye kundi la familia moja ya washirika wetu hapa Eldoret. Baba mdogo wa familia akaandika ujumbe mrefu juu ya heshima ya marehemu, na mimi nikajibu neno moja: "Amina." Nilikuwa naitikia ile sehemu aliyomtaja Mungu. Lakini ndani ya ujumbe ule kulikuwa na siku ya mazishi ambayo binti wa marehemu alikuwa anaipinga. Binti hakuniandikia tena. Nilipomtafuta aliniambia, "Pastor, wewe ulishapiga kura." Alikuwa na haki kusema hivyo. Katika kundi lenye watu 60 wanaosoma kimya, kidole gumba ni kura, "Amina" ni kura, na hata kumjibu mmoja kwa dakika mbili na mwingine kwa saa tano watu wanaihesabu.

Kwa hiyo jambo la kwanza: usiweke alama yoyote juu ya ujumbe wa upande wowote. Na usiandike "tuombe tu" halafu unyamaze. Najua neno hili litawashangaza wengine likitoka kwa mchungaji. Lakini kwenye mazishi, muda wenyewe una upande. Kila siku inayopita mochari inaongeza bili, na yule anayetaka mazishi ya haraka anazidi kupoteza. Au gari limeshalipiwa, na yule aliyetaka tusubiri ameshashindwa kabla hajasikilizwa. Ukinyamaza, umemwachia ushindi yule ambaye muda unamfaa. Kutochukua upande ni kazi, na kazi hiyo ina hatua zake.

Nitakupitisha kwenye kisa kimoja. Nimebadilisha mambo kadhaa ili familia isitambulike, lakini mwendo wake ni huu.

Mzee alifariki siku ya Jumatatu. Kwao ni upande wa Vihiga, lakini miaka yake ya mwisho aliishi Langas kwa binti yake wa kwanza, ambaye ndiye aliyemuuguza. Mkewe alikuwa ametangulia. Kaburi halikuwa na ubishi: atazikwa nyumbani, kando ya mkewe, siku ya Jumamosi ya wiki iliyofuata. Ubishi ulikuwa juu ya siku ya mwili kutoka mochari. Ndugu mdogo wa marehemu, aliye nyumbani, alisema mwili ufike Alhamisi ili ulale nyumbani usiku mbili. Binti alisema mwili utoke Jumamosi alfajiri, upitie barabara ya Kapsabet na Chavakali, ufike, ibada ifanyike, mzee azikwe, watu waende.

Kufikia Jumatano usiku maneno yalikuwa yamechacha. Baba mdogo aliandika kwamba kuna watoto wa mjini wanaotaka kumzika ndugu yake kama mtu asiye na kwao. Binti akajibu kwamba kuna watu waliomkumbuka mzee baada ya kufa. Asubuhi yake kulikuwa na kundi la pili, lenye watu wale wale isipokuwa binti na ndugu zake. Mpendwa, ukiona kundi la pili limefunguliwa "bila fulani", jua kwamba mgogoro umevuka daraja. Usikubali kukaa kwenye kundi hilo kimya. Toka, na umwambie aliyekuongeza kwa nini umetoka.

Aliyeingia katikati alikuwa mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake, mama mshirika wetu. Alinipigia akilia, akitaka nimwambie nani ana haki. Nilimkumbusha Luka 12, pale mtu mmoja alipomjia Yesu amwamuru ndugu yake agawe urithi, naye Bwana akakataa kufanywa mwamuzi kati yao. Alikataa kiti cha hakimu, kisha akazungumza na watu juu ya kile kilichokuwa moyoni mwao. Nilimwambia huyo mama: hiyo ndiyo kazi yako. Usitafute nani ana haki. Tafuta kila mmoja anaogopa nini.

Kabla ya yote aliomba ruhusa. Alimpigia mjomba wake kwanza kwa sababu ya umri, kisha dada yake ndani ya saa hiyo hiyo, na kila mmoja akamwambia kwamba anampigia na mwenzake pia. Swali lilikuwa moja kwa wote wawili: "Unakubali nizungumze nanyi nyote wawili, bila mimi kuamua?" Wote wakakubali. Ndipo akaandika kwenye kundi la familia:

"Familia, poleni tena. Nimeomba ruhusa kwa mjomba na kwa dada, na wote wamekubali nizungumze nao juu ya siku ya mwili kutoka mochari. Sitaamua mimi. Tunaomba tusilijadili hilo hapa hadi kesho saa mbili usiku, ambapo wao wenyewe watatuambia walipofikia. Michango, tenti na wasifu tuendelee navyo kama kawaida."

Angalia ujumbe huo unavyofanya kazi. Hausemi nani alianza. Hauwakemei watu. Unataja jambo moja tu linalosimamishwa na mambo mengine yanaendelea. Unaweka saa, kwa hiyo hakuna anayeweza kuchelewesha kimya kimya. Mtu mmoja alipendekeza msimamizi afunge kundi ili wasimamizi tu ndio waandike. Alikataa, na mimi naona alifanya vyema. Msimamizi wa kundi lile alikuwa mtoto wa baba mdogo. Kufunga kungeonekana kuwa upande mmoja umemziba binti mdomo.

Kisha akafanya simu mbili ndefu. Si ujumbe wa sauti, kwa sababu ujumbe wa sauti husambazwa. Kila mmoja alipewa muda sawa, karibu dakika 40. Na maswali yalikuwa yale yale manne. Unataka nini? Likifanyika lile analotaka mwenzako, ni jambo gani baya litakalokupata? Je, liliwahi kutokea katika familia hii? Na mwisho: katika haya uliyoniambia, ni lipi nisimwambie mwenzako?

Swali la pili na la tatu ndiyo yaliyofungua mlango.

Mjomba alisema kwamba miaka miwili nyuma ndugu yao mwingine aliletwa kutoka Nairobi asubuhi ya mazishi. Jeneza likafunguliwa dakika chache. Dada yao mkubwa, ambaye anatembea kwa fimbo, alifika wakati wanaume wanalishusha kaburini. Hakumwona ndugu yake. Tangu siku hiyo, kila wakikutana, anamuuliza mjomba kwa nini alikubali. Kwa hiyo mjomba hakuwa anapigania usiku mbili. Alikuwa anapigania dada yake apate kuketi kando ya ndugu yake.

Binti alisema jambo ambalo hakuna aliyelijua kwenye kundi. Alikuwa amekopa kwenye chama kulipa bili ya hospitali, na mdhamini wake ni jirani. Mchango wa mazishi ulikuwa umefika shilingi 140,000. Jeneza 30,000, gari 25,000, mochari 15,000, tenti na viti na vyombo vya sauti 20,000. Jumla 90,000, inabaki 50,000 ya chakula. Watu wakikusanyika usiku mbili na siku ya mazishi, alipiga hesabu ya 75,000. Zile 25,000 zinazopungua, alijua zitatoka wapi. Kwa hiyo hakuwa anakataa mzee kulala nyumbani. Alikuwa anakataa deni la pili. Na deni la kwanza ndilo alilosema lisitajwe.

Hapa ndipo wengi wetu huharibu. Unashika siri hii, moyo wako unayeyuka, unampigia mjomba: "Mjomba, kama ungejua dada anapitia nini." Umeshachukua upande, na umevunja ahadi. Yule mama hakufanya hivyo. Alirudi kwa binti na kumuuliza kama anaweza kumwambia mjomba hesabu ya mazishi peke yake, bila deni. Binti akakubali. Akamuuliza mjomba kama anaweza kumwambia binti habari za shangazi. Akakubali, akasema, "Nilidhani anajua." Binti hakujua. Siku ile alikuwa hospitali na baba yake.

Mithali 18:17 inatuonya kwamba anayetangulia kueleza huonekana ana haki mpaka mwenzake aje amhoji. Ninaongeza jambo dogo kutoka kwenye mazishi niliyoyaona: mara nyingi wa pili naye ana haki. Ndiyo maana usitoe neno lolote la kukubali kwenye simu ya kwanza. Sema "nimekusikia." Usiseme "ni kweli."

Hatua ya mwisho ilikuwa simu moja ya watu watatu. Yeye hakuleta suluhisho. Alisema mambo mawili tu ambayo kila mmoja alimruhusu ayaseme: shangazi anahitaji muda na ndugu yake, na chakula kisizidi 50,000. Kisha akauliza, "Tunafanyaje ili yote mawili yawezekane?" Alinyamaza. Aliniambia ukimya ule ulikuwa mrefu sana, na nusura aujaze mwenyewe. Kisha binti akasema, "Kama ni usiku mmoja, naweza." Mjomba akasema ikiwa mwili utafika Ijumaa kabla ya saa sita mchana, na siyo jioni, yeye ataridhika, na kuni na mahindi yatatoka nyumbani. Usiku wa Ijumaa iwe chai na mkate, chakula kamili ni Jumamosi. Hesabu ya binti ikafika 45,000.

Waliandika makubaliano mistari mitano: saa ya gari kutoka Eldoret, saa ya kufika, kiwango cha chakula, nani anamleta shangazi, na kwamba badiliko lolote litapitia kwa hao wawili kwanza. Ule mstari wa tano usiuache. Ijumaa jioni vijana walitaka spika kubwa za usiku, shilingi 8,000. Kungezuka vita vipya. Lakini wote wawili waliulizwa, wote wakasema hapana, na vijana hawakupata wa kumgombanisha na mwenzake.

Aliyetuma makubaliano kwenye kundi alikuwa baba mdogo, na binti akajibu chini yake, "Ndivyo tulivyokubaliana, baba mdogo." Mpwa hakuandika kitu. Ukisuluhisha kisha ukatangaza wewe, watu watasema ni uamuzi wako, na kesho watakugeukia wewe. Kundi la pili lilifutwa usiku huo.

Sitakudanganya kwamba walikumbatiana. Kuna maneno ya Jumatano usiku ambayo hayajaombewa msamaha hadi leo. Lakini shangazi aliketi kando ya jeneza usiku kucha, na binti hakurudi Langas na deni la pili. Kwa wiki moja ya msiba, hilo ni jambo kubwa.

Familia ya Yakobo ilipitia njia kama hii. Soma Mwanzo 49 na 50. Mzee alifia Misri, akiwa ameacha neno kwamba azikwe Makpela, kwao. Lakini Misri nayo ilimpenda, na Yusufu alikuwa mtu wa serikali. Yusufu hakuondoka na mwili usiku. Misri ilimlilia siku 70 kwa desturi yake. Ndipo Yusufu akaomba ruhusa kwa Farao kupitia watu wa nyumba yake, na wazee wa Misri wakasafiri pamoja nao. Kilio kingine cha siku saba kikafanyika njiani, kisha wana wakamzika baba yao alipotaka. Kila upande ulipata jambo lake, na hakuna aliyeambiwa kwamba kilio chake hakina maana.

Sasa nikuonyeshe mpaka wa kazi hii, kwa sababu si kila ubishi wa mazishi ni wa kusuluhishwa na mpwa mwenye simu.

Kama ubishi ni juu ya mahali pa kuzika, au kuna wake wawili, au shamba limo ndani yake, usibaki peke yako. Wakenya wa umri wangu wanakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika kwenye shamba lao la Upper Matasia, Ngong. Ndugu yake, Joash Ochieng' Ougo, na ukoo wa Umira Kager walitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Ilifika Mahakama ya Rufani, na ukoo ukashinda. Alizikwa tarehe 23 Mei 1987, zaidi ya miezi mitano baada ya kufa, na mjane wake hakuwa kaburini. Mahakama ilijibu swali la wapi. Haikuweza kuwaweka mjane na shemeji kando ya kaburi moja, na hiyo si kazi ya mahakama.

Kwa hiyo jambo likiwa kubwa kiasi hicho, waite mapema wazee wa pande zote mbili, mchungaji ambaye hakupiga kura kama mimi, na chifu ikibidi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama zenyewe zihimize upatanisho, usuluhishi na njia za kienyeji za kumaliza migogoro, mradi haki za mtu zisivunjwe. Kwa hiyo kukaa chini ya mti si kukwepa sheria. Lakini mmoja akishakwenda kwa wakili, usimzuie kwa jina la Yesu. Mwombee, na umwache apate ushauri.

Pia usisuluhishe kama una kitu ndani. Ukiwa mweka hazina wa kamati ya mazishi, au mrithi, au wewe ndiwe uliyelipa jeneza, sema wazi na umtafute mwingine. Na kama kuna shaka juu ya kifo chenyewe, na mmoja anataka mwili uchunguzwe na daktari kabla ya kuzikwa, hapo hakuna nusu kwa nusu ya kutafuta. Mwili ukishazikwa, kuurudisha ni safari ndefu ya mahakamani. Acha uchunguzi utangulie.

La mwisho, na hili nalisema kwa uzito. Kutochukua upande ni juu ya mipango: siku, saa, chakula, gari, nani ahubiri. Si juu ya uovu. Mjane akifungiwa nyumba yake wakati mume wake yuko mochari, au vitambulisho na simu ya marehemu vikichukuliwa kwa nguvu, ukasema "mimi niko katikati", hauko katikati. Sema hilo ni kosa, lisemee kwa anayelitenda, kisha urudi kwenye mambo ya tenti.

Utajuaje kwamba umeanza kuteleza? Upande mmoja ukianza kukushukuru kuliko mwingine, simama. Ukijikuta unamweleza mume wako au rafiki yako kwamba "kwa kweli huyu ana point", simama. Ukisikia "wewe ni wetu", simama, na umpigie yule mwingine siku hiyo hiyo umsikilize tena. Ukiona huwezi tena kumsikiliza bila hasira, mwambie mtu mwingine achukue nafasi yako. Hakuna aibu.

Ukiwa kwenye kundi la aina hiyo usiku wa leo, weka simu chini kwanza. Usijibu. Kesho asubuhi piga simu mbili, ukianza na aliye mkubwa kwa umri, na umwambie kila mmoja kwamba unampigia na mwenzake.

Na wewe binti wa ule msiba wa kwanza, kama unasoma hapa: nilikuomba msamaha kwa simu, na sasa ninakuomba mbele ya watu. Ile "Amina" haikuwa yangu kuisema.

Mungu awafariji wote waliofiwa wiki hii.